Je, wajua kinachozuia nondo zisiponyoke kwenye pikapu?

Ukimwuliza utingo, atakuonyesha kamba. Ukiwauliza wanaotunga kanuni za kufunga mizigo, watakuonyesha sakafu. Mzigo mwingi unaosafirishwa kwa gari wazi hauzuiliwi na kamba moja kwa moja; unazuiliwa na msuguano kati ya mzigo na mahali ulipokalia, na kazi kubwa ya kamba ni kuukandamiza mzigo ili msuguano huo uongezeke. Jambo hili linaonekana vizuri zaidi kwenye nondo, kwa sababu nondo ni nzito, ni ndefu, zinateleza, na kila anayejenga nyumba lazima siku moja azipeleke kiwanjani.

Tuchukue nondo 50 za milimita 12. Nondo moja ya unene huo ina urefu wa mita 12 na uzito wa kilo 10.7 hivi, kwa hiyo zote ni kama kilo 530. Pikapu ya kawaida ya kubeba tani moja haitishiki na kilo 530. Tatizo ni urefu. Dukani huwa zinakunjwa katikati zikabaki mita sita, lakini bodi ya pikapu ya kebini moja ina mita mbili na theluthi moja tu.

Sasa zilaze sakafuni, ncha za mbele zigusane na ukuta wa nyuma ya kebini, halafu ufungue mlango wa bodi. Zitatokeza nyuma kwa zaidi ya mita tatu na nusu. Katikati ya uzito wake iko mita tatu kutoka kebini, yaani imepita ukingo wa bodi kwa zaidi ya nusu mita. Ukiziachia hazitakaa: zitabinuka zenyewe zianguke chini. Kwa hiyo mtu anazifunga ncha za mbele kwa nguvu, nondo zinatulia, na safari inaanza.

Zimetulia, ila gari limekuwa bembea ya ubao. Egemeo lake ni ekseli ya nyuma, na uzito wa nondo uko karibu mita mbili nyuma ya egemeo hilo. Umbali kati ya ekseli mbili za pikapu kama hiyo ni mita 3.1 hivi. Zidisha 530 kwa 1.9, gawanya kwa 3.1, unapata kama kilo 325. Huo ndio uzito ulioondolewa kwenye magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma inabeba kilo 530 za nondo pamoja na kilo 325 hizo. Magurudumu ya mbele ya pikapu tupu yanabeba chini kidogo ya tani moja, kwa hiyo theluthi nzima imepotea. Dereva huijua hali hii bila hesabu yoyote: usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, pua ya gari inapanda, taa zinamulika miti badala ya barabara, na breki za mbele, ambazo ndizo hufanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, zinakosa uzito wa kuzisaidia kushika lami. Gari halijazidisha mzigo hata kidogo. Mzigo umekaa mahali pasipofaa, basi.

Kwenye malori hesabu ni ile ile, ila huko inakuja na faini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu tani 56 kwa gari zima lenye ekseli saba, lakini pia inaweka kikomo kwa kila ekseli: tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zinazofuatana. Ndiyo maana lori linaweza kufika mizani ya Vigwaza au Mariakani likiwa chini ya uzito wa jumla na bado likakamatwa, kwa sababu mzigo umerundikwa mwisho wa bodi.

Dawa ya nondo zetu inajulikana mtaani: keria ya mabomba nyuma ya kebini, nondo zikapandishwa juu yake zipite juu ya paa hadi juu ya boneti, huku nyuma zikikalia ukingo wa mlango wa bodi uliofungwa. Zikisogea mbele mita mbili, katikati ya uzito wake inahamia karibu kabisa juu ya ekseli ya nyuma. Kilo 325 zilizokuwa zimeibwa magurudumu ya mbele zinarudi zote, na sehemu inayotokeza nyuma inabaki mita moja na sentimita 65 hivi. Ni nondo zile zile kwenye gari lile lile. Sharti ni kwamba keria iwe imesimama juu ya sakafu au fremu ya bodi, maana zaidi ya nusu ya mzigo, kama kilo 300, inaikalia yenyewe. Keria ndogo ya kubana kwenye kingo za paa ni ya mabegi.

Hapo ndipo msuguano unapoingia. Keria iko juu ya ukingo wa mlango kwa kama nusu mita, na kutoka moja hadi nyingine ni karibu mita mbili na nusu. Nusu mita gawanya kwa mbili na nusu ni 0.2: huo ndio mwinamo wa nondo. Namba ya msuguano wa chuma juu ya chuma kikavu kisicho na kutu nyingi huhesabiwa kuwa 0.2 hivi, na ikilowa mvua au mafuta hushuka. Mwinamo ukifikia namba hiyo, kitu huanza kuteleza chenyewe. Yaani nondo hizo, hata gari likiwa limesimama, zipo ukingoni mwa kuponyoka. Panda nazo kilima, ongeza moto ghafla, na zitaanza kurudi nyuma, aghalabu zikianzia zile za katikati ya fungu ambazo kamba haizigusi kabisa.

Kamba iliyopita juu tu inakandamiza nondo za juu na za pembeni. Za katikati zinashikwa na majirani zake, nazo pia ni chuma kwa chuma. Kwa hiyo anayejua kazi huzungusha kamba au mnyororo fungu zima mara mbili kabla ya kukaza, fungu likawa kitu kimoja, halafu ndipo analifunga kwenye gari. Dalili ya kosa ni rahisi kuiona: chora mstari wa chaki kukatiza ncha zote za nyuma, simama baada ya kilomita chache, utazame kama mstari bado umenyooka.

Kwa nini nasema sakafu ina nguvu kuliko kamba? Tuzihamishie nondo zile kwenye lori la bodi ndefu zilale tambarare, tuache mwinamo kando. Kanuni za Ulaya na za Marekani zinakubaliana kwamba mzigo ufungwe ukiweza kuhimili msukumo wa mbele wa asilimia 80 ya uzito wake, kama inavyotokea kwenye breki ya dharura, na asilimia 50 kwa pembeni na kwa nyuma. Kwa kilo 530 tunahitaji nguvu ya kilo 425 hivi. Juu ya sakafu ya chuma, msuguano wenyewe unatoa kilo 106 tu. Mkanda mzuri wa kukazia kwa racheti, wa upana wa sentimita tano, ukikazwa kwa mkono hutoa mvuto wa kilo 300 hivi kila upande, jumla 600 za kukandamiza, lakini kwenye chuma zinazogeuka kuwa kizuizi ni asilimia 20 yake, kilo 120. Tunahitaji mikanda mitatu.

Tandika sasa mpira chini ya fungu, na namba ya msuguano inapanda hadi 0.6. Uzito wa nondo peke yake unatoa karibu kilo 320, na mkanda mmoja unaongeza 360. Umemaliza, na umebaki na akiba, ingawa mkanda wa pili bado unahitajika ili fungu lisipinde pembeni. Vipande vya tairi kuukuu chini ya fungu na juu ya keria vimefanya kazi ya mikanda miwili. Naona ajabu kwamba mafundi wetu hutumia mpira wa tairi kwa ndala, kwa bawaba na kwa kamba, lakini mara chache huutandika chini ya chuma, mahali unapolipa kuliko kote.

Kamba ya nailoni ina ubaya wake wa ziada: inavutika. Nondo zinajipanga upya kwa mtikiso, fungu linapungua unene, na kamba iliyolia kama uzi wa gitaa dukani inalegea kabla ya kufika. Sheria ya Marekani inamtaka dereva wa lori akague mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, yaani kilomita 80. Kwa barabara ya vumbi ningesema kilomita tano.

Kuhusu kwenda juu, nondo hazina shida sana; kontena ndilo lenye shida. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.6, lile refu mita 2.9, na kwa mbali huwezi kuyatofautisha. Trela ikiwa na kimo cha mita 1.5, lile refu linafika mita 4.4, wakati Ulaya kikomo cha kawaida ni mita 4 na Afrika Kusini mita 4.3. Huko Durham, Marekani, daraja la reli lililokuwa na nafasi ya mita 3.56 limechuna mapaa ya malori kwa miaka mingi mbele ya kamera. Mwaka 2016 liliwekewa taa na kibao cha kuwaka kinachomwambia dereva gari lake ni refu mno, mwaka 2019 likainuliwa sentimita 20, na malori bado yanaligonga. Dereva wa gari la kukodi hajui kimo cha gari lake. Dawa ni kukipima kwa futi na kukiandika kwenye dashibodi.

Imebaki bendera. Marekani inaidai mzigo ukitokeza nyuma zaidi ya mita 1.2, nayo iwe nyekundu au ya chungwa linalong'aa, sentimita 45 kila upande. Ujerumani inadai baada ya mita moja, sentimita 30 kwa 30, tena ikiwa imetanuliwa kwa kijiti ili isijikunje. Kijiti hicho kina maana. Anayekufuata anakadiria umbali kwa taa za nyuma za gari, na ncha za nondo zikimwelekea usoni hazionekani kuwa na urefu wowote. Kitambaa kilichojinyonga kwenye ncha moja hakimsaidii. Gari likikata kona kulia, ncha zile zinapiga upande wa kushoto, kwenye njia ya bodaboda. Usiku bendera haionekani kabisa, na Ujerumani inataka mwishoni mwa mzigo taa nyekundu isiyozidi mita moja na nusu kutoka ardhini na kiakisi chekundu kisichozidi sentimita 90, mahali taa za gari la nyuma zinapofika.