Kufuta Kosa la Usiku Bila Kufuta Kazi ya Asubuhi

"Kaka, meseji za marejesho hazijamfikia mtu karibu yeyote."

Simu ya namna hii humpata fundi wa kompyuta saa nne na dakika 40 asubuhi, wakati ofisi imekwisha kuchangamka. Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 2,340. Orodha ya wanachama inatunzwa na karani kwenye Excel. Mikopo, amana na meseji za kukumbusha madeni viko kwenye hifadhidata. Kila siku saa nane usiku programu ndogo husoma faili la karani na kuifanya hifadhidata ifanane nalo: aliyebadilika hubadilishwa, mpya huongezwa, asiyeonekana kwenye faili huondolewa. Kazi hiyo huitwa usawazishaji, na kila mara programu inapoanza mpaka inapomaliza tutauita mkupuo mmoja.

Jana jioni karani alifungua faili la majina kwa Excel. Excel ikikuta tarakimu tupu huzichukulia kuwa hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina maana, kwa hiyo huiondoa. Simu iliyoanza na 0754 ikabaki inaanza na 754. Kisha karani alichuja orodha ili asiwaone wanachama 37 waliosimamishwa kwa muda, akanakili alichokuwa anakiona kwenye faili jipya, akahifadhi, akaenda nyumbani. Usiku programu ikatii faili kama ilivyolikuta. Ilibadilisha simu 1,912, ikafuta wanachama 37, na ikaongeza wanachama wapya 4 ambao karani alikuwa amewaandikisha kwa haki kabisa. Namba zilizoandikwa kwa kuachiwa nafasi katikati zilisalimika, kwa sababu Excel ilizisoma kama maneno. Ndiyo maana meseji chache zilifika, na kosa likachelewa kushtukiwa.

Jambo la kwanza si kurekebisha chochote. Ni kuuzima usawazishaji. Faili bovu bado liko palepale, na programu haina habari kwamba ni bovu. Fundi akirudisha namba sahihi mchana bila kuizima, saa nane usiku programu itakuta tofauti kati ya faili na hifadhidata, na itazifuta sifuri upya kwa uaminifu uleule.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni picha, yaani nakala ya hifadhidata nzima kama ilivyokuwa kwa dakika fulani. Chama chetu hupiga picha kila usiku saa saba na dakika 45, robo saa kabla ya mkupuo. Kuirejesha ni kuirudisha hifadhidata yote kwenye dakika hiyo. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuelewa kilichoharibika. Simu, waliofutwa, na hata uharibifu ambao hakuna aliyeugundua, vyote hurudi vilivyokuwa.

Ubaya wake unatokana na uzuri huohuo. Picha haichagui. Tangu saa mbili asubuhi wahudumu wamepokea amana 63, wameandikisha wanachama 11, na wamesahihisha kwa mkono simu za wanachama 26 waliofika dirishani. Picha ya saa saba usiku haijui lolote kati ya hayo. Ikirejeshwa, mtu aliyeweka fedha saa tatu atakuwa na risiti mkononi na salio lisiloitambua risiti hiyo.

Hasara ya aina hii iliwahi kuipata kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake alikuwa anajaribu kuirudisha kwenye mstari hifadhidata ya pili iliyoshindwa kwenda sawa na ile kuu. Alikusudia kufuta folda ya hifadhidata ya pili, akaifuta ya kuu. Alipositisha amri, katika takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki takriban 4.5. Nakala za kila siku, walipoziendea, hazikuwepo, kwa kuwa zilikuwa zikishindikana bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni picha ambayo mhandisi alikuwa ameipiga kwa mkono saa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Waliirejesha, na kila kilichoandikwa kwenye hifadhidata ndani ya saa hizo kikapotea, zikiwemo akaunti mpya takriban 700. Kwao hapakuwa na cha kuchagua, kwa sababu hifadhidata yenyewe ilikuwa imetoweka. Katika chama chetu hifadhidata ipo hai, na sehemu kubwa yake ni sahihi. Ndiyo maana njia ya pili inastahili kutazamwa kabla ya kuigusa picha.

Njia hiyo inategemea daftari. Programu iliyoandikwa vizuri haibadilishi kitu kimyakimya. Kila mkupuo hupewa namba, na kila badiliko huandikwa kwenye jedwali la pembeni pamoja na namba ya mkupuo, namba ya mwanachama, aina ya badiliko, thamani ya zamani na thamani mpya. Thamani ya zamani ndiyo roho ya daftari. Programu nyingi huandika tu kwamba "rekodi 1,912 zimebadilishwa". Taarifa hiyo inatosha kumtia fundi wasiwasi, lakini haimpi cha kurudisha. Kadhalika mwanachama anapofutwa, daftari lazima lihifadhi rekodi yake yote. Jina na namba peke yake havitoshi.

Tuseme mkupuo wa usiku ule ulikuwa namba 418. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kurudisha simu ni amri hii:

```sql
UPDATE wanachama w
SET simu = d.zamani
FROM daftari d
WHERE d.mkupuo = 418
  AND d.aina = 'badilisha'
  AND d.mwanachama = w.namba
  AND w.simu = d.mpya;
```

Mistari ya katikati inasema tu kwamba tunagusa yale yaliyobadilishwa na mkupuo 418. Mstari wa mwisho ndio unaowaponza wengi wanaousahau. Unasema: rudisha thamani ya zamani ikiwa tu iliyopo sasa ni ileile iliyoandikwa na mkupuo. Ikiwa ni tofauti, basi kuna mtu ameigusa baadaye, na kazi yake iheshimiwe. Kati ya wale 26 waliosahihishiwa simu asubuhi, 20 walirudishiwa tu sifuri, lakini 6 walileta namba mpya kabisa. Bila mstari ule, hao 6 wangerudishiwa namba walizokwisha kuziacha, na hakuna ambaye angejua mpaka siku deni lao litakapochelewa.

Hapo pia ndipo pa kupimia. Mkupuo ulibadilisha simu 1,912, na wahudumu waligusa 26. Amri inapaswa kuripoti kwamba imerudisha 1,886. Ikitoa idadi nyingine, asimame hapo na kutafuta sababu. Kwa hiyo fundi makini huanza na `BEGIN`, huendesha amri, husoma idadi, na huandika `COMMIT` akiridhika au `ROLLBACK` akitia shaka. Zile 26 zilizorukwa huchapwa kwenye karatasi na kukabidhiwa mhudumu azipitie moja moja. Kuzipitia ni kazi ya nusu saa.

Wanachama 37 waliofutwa hurudishwa kutoka kwenye rekodi zilizotunzwa na daftari, tena kwa namba zao zilezile za uanachama. Wakipewa namba mpya watakuwa wageni ndani ya chama chao, kwa maana amana na mikopo yao hutambuliwa kwa namba. Hapa huenda pakawa na mtego. Hifadhidata zinaweza kupangwa hivi kwamba mwanachama akifutwa, wadhamini wake na anwani zake vinafutwa pamoja naye. Ikiwa daftari liliandika kufutwa kwa mwanachama bila hivyo vingine, atarudi mtu asiye na wadhamini. Dawa yake hupatikana kabla ya siku ya ajali: usawazishaji usifute, bali umwekee mwanachama alama kwamba ameondolewa. Kumrudisha kutakuwa ni kuifuta alama hiyo tu.

Nao wale 4 walioongezwa? Kwa mantiki ya kurudi nyuma, walipaswa kuondolewa. Lakini mmoja wao ameweka amana saa tatu asubuhi, na wote ni wanachama halali. Mkupuo mbovu haukosi chembe za ukweli ndani yake. Kwa kuwa daftari linatenganisha yaliyobadilishwa, yaliyofutwa na yaliyoongezwa, fundi ana uhuru wa kugeuza mafungu mawili na kuliacha la tatu. Hao wanne watarekebishiwa simu kwa mkono. Picha isingempa uhuru huo.

Kazi hii yote ya kurudisha nayo iandikwe daftarini kama mkupuo wa 419, kwa kanuni zilezile. Fundi aliye na haraka hukosea pia, na kosa lake lisilo na namba ni gumu kulifuta kuliko lile la programu.

Je, kama daftari halikuwepo? Picha bado ina kazi, ila isirejeshwe juu ya hifadhidata hai. Ifunguliwe pembeni, kwenye hifadhidata ya pili yenye jina lingine, kisha safu ya simu ya huku ilinganishwe na ya kule. Tofauti zitaonekana zote. Kinachokosekana ni kujua nani aliisababisha ipi, kwani picha haitofautishi kati ya mkono wa programu na mkono wa mhudumu. Kwa sifuri iliyopotea unaweza kubahatisha kwa usalama, maana tarakimu 9 zilizobaki zinajieleza zenyewe. Kwa jina au kiwango cha mkopo huwezi.

Na ukilazimika kuirejesha picha yote, itazame kumbukumbu ya programu yenyewe. Programu nyingi huweka alama ya mahali zilipofikia ili zisisome tena yale yale. Alama hiyo ikiwa nje ya hifadhidata, haitarudi nyuma pamoja na picha. Programu itaamini kwamba imekwisha kupeleka mabadiliko ambayo picha imeyafuta, na itayaruka. Wale 4 wapya wangepotea hivyo, bila onyo lolote.

Kuna yasiyorudishika kwa njia yoyote kati ya hizi. Ukumbusho uliotakiwa kutoka asubuhi haukutoka, na mkopaji aliyeutegemea amechelewa siku moja. Programu inaweza kurudisha namba ya simu lakini si asubuhi iliyopita. Kwa hiyo breki ina thamani kuliko dawa: kabla ya kuandika chochote, programu ihesabu mabadiliko inayokusudia kuyafanya, na yakizidi kiasi kilichowekwa, tuseme wanachama 100 kwa usiku mmoja, isimame na kumsubiri mtu. Mkupuo wa 418 ulikusudia kubadili simu 1,912. Hakuna chama ambacho wanachama wake kwa wingi huo hubadili simu usiku mmoja.

Kama ofisini kwako kuna usawazishaji wa namna hii, kuna kipimo kifupi. Chagua mwanachama mmoja ambaye simu yake ilibadilika mwezi huu, umwombe fundi akuonyeshe ilikuwa namba gani kabla, na ni mkupuo upi ulioibadilisha. Akikujibu kwa kufungua daftari, usiku mbaya ukija mtatengeneza. Akikujibu kwamba atarejesha nakala ya jana, muulize amana za leo asubuhi zitakwenda wapi.