Kumpigia Debe Rafiki kwa Afisa Ajira

Afisa ajira anayetafuta mtunza stoo hupokea jumbe nyingi zinazofanana: "Huyu ni mchapakazi, hatakuangusha." Hazimsaidii, maana zinaweza kuandikwa juu ya mtu yeyote. Ujumbe wenye uzito huwa hivi:

"Habari za kazi, dada. Nimesikia mnatafuta mtunza stoo. Nampendekeza rafiki yangu tuliyefanya kazi pamoja miaka mitatu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mimi mhasibu, yeye stoo. Kila Jumamosi alihesabu saruji na nondo, akalinganisha na leja, na upungufu wowote aliniletea siku hiyohiyo. Eksel anaimudu, mifumo mikubwa hajaizoea. Ameniruhusu nikupe namba yake."

Uzito wote umebebwa na neno "mhasibu". Hesabu za stoo zilipita mikononi mwake, kwa hiyo anasema alichokiona. Rafiki wa mpirani tu hawezi kushuhudia leja. Yeye aseme anachokijua, kwa mfano kwamba mwenzake ndiye mweka hazina wa timu na husoma mapato mbele ya wachezaji. Urafiki wenyewe utajwe wazi, kwani ukigundulika baadaye, sifa zote hutiliwa shaka.

Kutaja asichokiweza pia ni busara: afisa huamini zaidi yale mengine.

Ruhusa ya namba si adabu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Muulize rafiki kwanza, ndipo utume.