Mbwa wa boma moja wanaporukiana langoni

Katika ploti nyingi za Ruiru na Thika, mbwa wawili hushinda wamefungiwa kibandani na kufunguliwa giza linapoingia. Saa hiyohiyo watu wanarudi kutoka kazini, pikipiki zinapita, na mbwa koko wanaoranda kati ya mabucha na majalala wanapita mbele ya malango. Ndiyo saa ya hatari, na mara nyingi anayeumwa si mwizi wala mpita njia. Ni mwenzake wa kibandani, na baada yake mwenye mbwa aliyeingiza mkono kuwaachanisha.

Tutazame jambo hilo linavyoanza. Lango la chuma limeacha nafasi ya shubiri moja chini. Mbwa koko anasimama nje na kunusa. Wa ndani wawili wanakuja mbio, wanabweka bega kwa bega, na hakuna anayeweza kumfikia. Hasira imepanda na haina pa kwenda. Mmoja anamgonga mwenzake ubavuni bila kukusudia, naye anageuka na kumshika shingo. Wenyeji hushangaa kwa sababu wawili hao hulala pamoja na kulambana kila siku. Lakini kwa dakika ile hawakuwa na ugomvi wao kwa wao. Waliumana kwa sababu yule waliyemtaka alikuwa upande wa pili wa bati.

Hasira hiyohiyo ndiyo inayomuuma mwenye mbwa. Mbwa aliye katikati ya vita hatazami nani anamgusa. Ukimshika mkanda wa shingoni, mkono wako uko sentimita chache tu kutoka kwenye meno, na yeye hujibu mguso wa shingoni akidhani ni wa adui. Kumpiga kwa rungu hakusaidii pia: maumivu humfanya aume kwa nguvu zaidi, na kelele za mpigaji humpa moto. Kwa hiyo watoto waingie ndani kwanza, na mtu yeyote asipitishe mkono, mguu wala uso kati ya vichwa viwili.

Kama bado wanarukiana bila mmoja kushikilia, anza kwa mbali. Gonga karai au sufuria kwa kishindo karibu nao. Kama mpira wa maji uko tayari, elekeza maji usoni na puani. Wakiachana kwa sekunde moja, teremsha kati yao kitu kipana: kipande cha mabati, ubao, meza ya plastiki, hata mlango wa zamani. Mbwa asiyemwona mwenzake hupungukiwa na sababu ya kurudi. Hapo kila mmoja apelekwe nyuma ya mlango wake, papo hapo.

Kama hayo hayakufaa na mko watu wazima wawili, kuna njia ya miguu ya nyuma. Kila mtu anasimama nyuma ya mbwa wake. Mnashika kwa wakati mmoja, juu kwenye mapaja karibu na nyonga, wala si chini kwenye vifundo ambavyo huumia upesi. Mnainua miguu ya nyuma kama mnavyoinua mikono ya wilbaro, kisha mnarudi kinyumenyume huku mkizunguka upande mmoja. Ule mzunguko ndio siri yenyewe. Mbwa analazimika kusogeza miguu ya mbele kando ili asianguke, na hapati nafasi ya kujipinda akuume. Ukisimama, ataweza. Ukimwachilia kabla hajafungiwa, atarudi vitani, au atakugeukia wewe.

Njia hiyo ina mpaka mmoja mkubwa. Mbwa aliyeng'ang'ania nyama ya mwenzake asivutwe, kwani kinachochanika ni ngozi na misuli ya aliyeshikwa. Mshikilie nyuma asitikise, mwenzio amzuie yule mwingine vilevile, na msubiri meno yaachie ili apumue au abadilishe mahali pa kuuma. Wakati huohuo ndipo mnarudi nyuma. Ukiwa peke yako, pitisha kamba kwenye paja la mbwa mmoja, ifunge kwenye nguzo ya lango, kisha nenda upande wa pili umwondoe mwingine kwa miguu ya nyuma. Kama mbwa ni wakubwa kukuzidi na huna kamba wala ubao, baki mbali, endelea kumwaga maji na uite majirani. Mimi nasema hivyo bila kusita, hata kwa mtu anayewapenda mbwa wake mno.

Baada ya hapo usiwakutanishe wapatane jioni ile. Mwili wa mbwa hubaki umechemka kwa saa nyingi, kwa hiyo walale mbalimbali. Kagua majeraha kwa mwanga mzuri, ukipapasa chini ya manyoya ya shingo, kwapa na tumbo. Tundu dogo lisikudanganye. Jino refu linaingia, mbwa anatikisa kichwa, ngozi inateleza juu ya misuli, na uharibifu wa ndani unakuwa mpana kuliko tundu la nje. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Usimpe Brufen, maana inaweza kumdhuru tumbo na figo. Fizi zilizopauka, pumzi ya shida au jeraha la kifua na tumbo ni safari ya daktari wa mifugo usiku huohuo. Matundu mengine yaonwe kesho yake, kabla ya usaha kujikusanya.

Mtu akiumwa, hesabu ni nyingine. Aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, iwe ya Level 5 ya Thika au kituo cha karibu kitakachomwelekeza, aulizie chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Dalili za kichaa zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Kama mbwa koko ndiye aliyewauma wako, mwambie daktari wa mifugo, hata kama walichanjwa, kwa kuwa mbwa aliyeng'atwa huhitaji dozi ya nyongeza na kuangaliwa.

Kuzuia vita vya pili kunaanzia pale langoni. Ziba ile nafasi ya chini na mianya ya macho kwa bati. Fungua mbwa mmoja kwanza, wa pili baadaye, wala si saa ya msongamano wa barabarani. Walishe kila mmoja kwenye bakuli lake mahali wasipoonana, na mifupa isibaki uani; sufuria moja ya ugali kwa mbwa wawili ni chanzo kingine cha vita. Wanapobweka, tazama aliyenyamaza ghafla, mwili umekakamaa, mkia umesimama, jicho limemkodolea mwenzake. Huyo mwite pembeni kwa chakula hapo hapo, kabla hajaruka.

Kuhasi madume husaidia sana wanapogombania jike aliye kwenye joto, na jike huyo hurudi katika hali hiyo takriban kila miezi 6. Lakini mbwa anayepigana kwa hofu hatabadilishwa na kuhasiwa. Kuwarudisha pamoja kufanyike kwa matembezi: watu wawili, kamba mbili, hatua kadhaa kati yao, wakielekea upande mmoja, wakisogezwa karibu tu siku ambazo hakuna anayekakamaa. Majike wawili wakubwa waliokwisha kuumizana mara kadhaa, kila vita vikizidi vilivyotangulia, mara nyingi hawarudi kuwa salama pamoja. Hao wawekewe vibanda viwili na zamu mbili za usiku, au mmoja atafutiwe boma jingine.