Alama za Chini Nazo Husomwa: Namna Matokeo ya Maoni ya Watumishi Yanavyorudishwa Vituoni

Mwananchi anayefika zahanati na kuambiwa kuwa dawa zimekwisha huona tatizo la dawa peke yake. Mara nyingine lipo jingine nyuma yake: mtumishi aliyeona akiba inapungua wiki tatu kabla hakusema, kwa kuwa mara ya mwisho aliposema alionekana mlalamikaji. Utafiti wa maoni ya watumishi hufanywa ili kugundua hali ya namna hiyo mapema. Utafiti huo si sawa na mfumo wa PEPMIS, ambamo mtumishi hupimwa kwa kazi aliyoifanya. Hapa mtumishi ndiye anayempima mwajiri: kama anasikilizwa, kama ana vitendea kazi, kama anamwamini mkuu wake. Ugumu huanza pale majibu yanaporudi na baadhi ya alama zikawa chini.

Nchi yetu inayo kumbukumbu ya karibu kuhusu alama za chini kurudishwa kwa wahusika. Katika mwaka 2015/16 Wizara ya Afya ilipima vituo vya afya ya msingi nchini kwa kuvipa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Takribani asilimia 34 ya vituo vilipata sifuri. Matokeo hayakufungiwa Wizarani; watumishi wa vituo walielezwa palipopungua, na mipango ya kurekebisha ikaandaliwa pamoja nao. Kipimo kiliporudiwa mwaka 2017/18, vituo vya nyota sifuri vilishuka hadi takribani asilimia 4. Lengo la kufikisha vituo vingi kwenye nyota tatu bado halikutimia, nalo pia lilisemwa wazi. Zile zilikuwa nyota za huduma, wala si maoni ya watumishi, lakini njia ni ileile: aliyepimwa na aliyejibu wote wanastahili kuyaona majibu.

Ili kueleweka namna alama zinavyosomwa, tuchukue mfano wa kubuni. Idara moja ina watumishi 60 katika hospitali na zahanati zake. Dodoso zinarudi 42. Kauli mojawapo inasema: “Naweza kumweleza mkuu wangu kasoro bila kuogopa.” Watumishi 15 wanakubali, 9 wako katikati, na 18 wanakataa. Kwa kipimo cha moja hadi tano, wastani unatoka 2.8. Mwenye kusoma wastani huo peke yake atasema hali ni ya kati. Mwenye kuhesabu watu ataona kuwa katika kila watumishi kumi waliojibu, zaidi ya wanne wanaogopa kusema. Kwa sababu hiyo taarifa inayosomwa kwa watumishi hutakiwa kutaja idadi ya waliokubali na ya waliokataa. Itaje pia wale 18 ambao hawakurudisha dodoso, kwani kunyamaza kwao hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni kuridhika.

Mfano huo ukigawanywa, sura hubadilika zaidi. Waliojibu kutoka hospitali ni 26, na kati yao 7 tu ndio waliokataa. Waliojibu kutoka zahanati ni 16, na waliokataa ni 11. Hofu, basi, haiko sawa kila mahali. Imejikita kwenye vituo vidogo vya mbali. Menejimenti inayotangaza jumla peke yake itapeleka mafunzo ya uongozi hospitalini, ambako tatizo ni dogo zaidi.

Hapa ndipo jiografia yetu inapoleta jambo linalohitaji uangalifu. Kuanzia milima ya Umatengo hadi vijiji vya ufukwe wa Ziwa Nyasa, zahanati nyingi zina watumishi wachache mno. Katika kituo chenye watumishi watatu, jibu lolote lina mwenyewe, na mkuu wa kituo atamtambua kabla ya kumaliza kusoma ukurasa. Kwa hiyo huwekwa kiwango: kundi lenye waliojibu pungufu ya idadi fulani, aghalabu kumi, halitolewi matokeo yake peke yake, bali huunganishwa na mengine. Kiwango hicho nacho kina mwanya. Iwapo itatangazwa jumla ya zahanati zote, watu 16, kisha yakatangazwa matokeo ya zahanati za tarafa moja, watu 13, mtu yeyote atatoa na kupata majibu ya wale watatu waliobaki. Mwandaaji makini hukagua hesabu ya kutoa kabla ya kubandika kitu chochote ubaoni. Maoni yaliyoandikwa kwa mkono hayasomwi kama yalivyo, kwa maana mwandiko na lafudhi ya sentensi hutaja mtu. Hufupishwa kwa maudhui. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, uangalifu huu si hisani tena.

Kikao cha kurudisha matokeo huharibika kwa namna inayofahamika. Mkuu husoma alama nzuri kwa dakika arobaini, kisha hufika kwenye alama dhaifu na kuuliza, “Nani ana mfano wa jambo hili?” Swali hilo huonekana la nia njema, lakini kwa aliyekwisha kusema kuwa anaogopa, ni mtego. Inafaa zaidi alama dhaifu zisomwe mapema, watumishi wajadili kwa makundi bila wakuu wao, na mjumbe wa Baraza la Wafanyakazi awasilishe hoja kwa niaba ya kundi. Baraza hilo lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003 ya majadiliano katika utumishi wa umma, hivyo hakuna haja ya kuunda chombo kipya.

Baada ya kusikiliza, menejimenti huahidi. “Mawasiliano yataboreshwa” si ahadi, kwa kuwa hakuna siku itakayofika mtu akasema haikutekelezwa. Katika mfano wetu ahadi ingekuwa hivi: Mganga Mkuu wa Wilaya atafika kila zahanati kabla ya Septemba 30, atazungumza na kila mtumishi pasipo mkuu wa kituo kuwapo, na upungufu wa dawa utaandikwa katika daftari linalosainiwa na pande mbili. Hiyo haihitaji fedha nyingi. Nyumba ya mtumishi huhitaji bajeti, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Hivyo jibu la kweli ni kuwa ombi litaingizwa katika mpango wa mwaka ujao, na watumishi waelezwe iwapo lilipita au liliondolewa. Mishahara na vibali vya ajira huamuliwa na Serikali Kuu, nje ya uwezo wa halmashauri, na mkuu anayeahidi asichokimiliki hupoteza imani hata kwa yale anayoyaweza.

Dalili kwamba ahadi zimekufa huonekana katika utafiti unaofuata. Dodoso zinazorudi hupungua, au wote huweka alama ya nne kwa kila kauli, ukurasa mzima, bila kuandika neno.

Mwananchi naye ana mlango. Kila zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa jamii. Mjumbe wake hana ruhusa ya kuona majibu ya mtumishi yeyote, lakini anaweza kuuliza kikaoni ni ahadi zipi zilizotolewa kwa kituo hicho, nani alipewa kuzitekeleza, na tarehe gani iliwekwa.