Muhtasari wa Tathmini Ambao Wote Wawili Wanaweza Kuusaini

Mfanyakazi anaitwa ofisini kwa tathmini ya nusu mwaka, anakaa na msimamizi wake saa nzima, wanazungumza mengi, mazuri na magumu. Baada ya wiki mbili analetewa karatasi: "Saini hapa." Anasoma na kukuta kikao hicho chote kimebanwa katika sentensi moja: "Mfanyakazi alikumbushwa kuhusu upotevu wa mali wa mara kwa mara na alikiri uzembe." Anashika kalamu lakini mkono unakuwa mzito. Akisaini, amejifunga. Akikataa, ataonekana mkorofi.

Tatizo hapa ni la uandishi, na linatibika. Muhtasari wa kikao cha tathmini si hukumu, wala si barua ya onyo. Kazi yake ni kueleza yaliyozungumzwa kati ya watu wawili siku fulani, kwa namna ambayo kila mmoja akisoma atasema: ndiyo, hivi ndivyo ilivyokuwa. Hawahitaji kukubaliana juu ya kila jambo. Wanachotakiwa kukubaliana ni nani alisema nini.

Watumishi wa umma Tanzania wanaijua vizuri tofauti hiyo. Zamani tathmini zao zilikuwa taarifa za siri: mkubwa anaandika, mdogo haoni. Mwaka 2004 serikali ilileta mfumo wa wazi, MWAMTUKA, ambao wengi waliuzoea kwa jina la Opras. Katika fomu yake kulikuwa na alama ya mtumishi mwenyewe, alama ya msimamizi wake, na alama waliyokubaliana. Siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, lakini wazo la kuweka sauti mbili kando kwa kando ndilo ninalotaka tulichukue. Katika kampuni binafsi, maduka makubwa, hoteli na viwanda, mara nyingi hakuna fomu kabisa, na kila kitu kinategemea anayeandika.

Tuchukue mfano wa mtunza stoo katika kampuni ya kusambaza bidhaa za jumla. Mfano huu nimeutunga, lakini umefanana na mambo yanayotokea kila siku. Kipindi kinachotathminiwa ni Januari hadi Juni. Mtunza stoo ana malengo mawili aliyopewa kwa maandishi mwanzoni mwa mwaka. La kwanza, hesabu ya mwisho wa mwezi isitofautiane na daftari kwa zaidi ya katoni 3. La pili, kila mzigo unaopokelewa uingizwe kwenye kompyuta siku hiyohiyo.

Meneja anafungua hesabu. Januari tofauti ilikuwa katoni 1, Februari 2, Machi 14, Aprili 2, Mei 3, Juni 1. Kuhusu mizigo, yalipokelewa malori 52, na 19 kati ya hayo yaliingizwa kesho yake au baadaye.

Mtunza stoo anajibu, "Bosi, hizo 14 za Machi sizikatai. Lakini mwezi ule funguo za stoo walikuwa nazo watu wawili, na malori mawili yalishushwa usiku mimi nikiwa nimeshaondoka." Kuhusu malori 19 anasema kompyuta ipo ofisi ya mhasibu, inayofungwa saa 11 jioni, na malori mengi yanafika baada ya hapo. Meneja anakubali kwamba kompyuta iko mbali. Anasema ataihamishia stoo. Kuhusu funguo anasema, "Hata kama zilikuwa kwa watu wawili, wewe ndiye mwenye stoo, ungenipigia simu asubuhi yake." Hapo hawakuelewana, wakaendelea.

Sasa rudi kwenye ile sentensi ya mwanzo. "Mara kwa mara" si kweli: lengo lilivukwa mwezi mmoja kati ya sita. "Upotevu wa mali" ni hitimisho ambalo hakuna aliyelithibitisha, maana tofauti ya hesabu inaweza kutokana na karatasi kuchelewa, katoni kuhesabiwa mara mbili au mzigo kuletwa pungufu. "Alikiri uzembe" hakusema. Alikubali idadi, akaeleza sababu. Na ahadi ya meneja kuhusu kompyuta haipo popote. Katika mihtasari ya aina hii, ahadi za mkubwa ndizo zinazopotea kwanza. Siamini kwamba ni hila kila mara. Anayeandika huandika anachomdai mwenzake, akasahau anachodaiwa yeye.

Muhtasari wa haki wa kikao hichohicho ungesomeka hivi:

"Hesabu za mwisho wa mwezi: lengo ni tofauti isiyozidi katoni 3. Lengo lilifikiwa miezi mitano. Machi tofauti ilikuwa katoni 14. Wote wawili wanakubaliana na takwimu hizi. Mtunza stoo alieleza kwamba Machi funguo zilikuwa kwa watu wawili na malori mawili yalishushwa usiku akiwa hayupo. Meneja alisema kwamba hata hivyo alitarajia kuarifiwa asubuhi yake. Katika jambo hili hawakufikia makubaliano.

"Kuingiza mizigo: malori 19 kati ya 52 yaliingizwa baada ya siku ya kupokelewa. Wote wanakubaliana. Mtunza stoo alisema sababu ni kompyuta kuwa ofisi ya mhasibu, inayofungwa saa 11 jioni. Meneja alikubali kwamba hilo ni kikwazo.

"Hatua: Meneja atahamishia kompyuta stoo kabla ya tarehe 15 Julai. Kuanzia siku itakapohamishwa, mtunza stoo ataingiza kila mzigo siku hiyohiyo. Funguo za stoo zitakuwa kwa mtunza stoo peke yake, na akiwa likizo zitakabidhiwa kwa maandishi. Watakutana tena wiki ya kwanza ya Oktoba."

Angalia jinsi maelezo yalivyotenganishwa. Kuna yale yanayohesabika na ambayo wote wanayakubali. Kuna kauli ya huyu na kauli ya yule, kila moja ikiwa na mwenyewe. Mahali walipotofautiana pameandikwa kwamba walitofautiana, bila kumpa mmoja ushindi kwa kalamu. Na zamu ya mtunza stoo ya kutimiza wajibu imefungwa kwenye ahadi ya meneja: kompyuta isipohama, hawezi kudaiwa lengo la pili kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Kuna maneno yanayonipa wasiwasi kila ninapoyaona katika karatasi hizi: mzembe, mkaidi, hana nidhamu, ana mtazamo mbaya. Hayo ni maneno ya tabia, na hakuna mtu anayeweza kuyasaini kwa moyo mweupe kuhusu nafsi yake. Badala yake andika tukio. "Tarehe 9 Mei alifika saa 3 asubuhi badala ya saa 2" inaweza kukubaliwa au kukanushwa. "Ni mchelewaji" haina mlango wa kuingilia. Sifa nazo zifuate kanuni hiyohiyo. "Mchapakazi" haimsaidii mtu kitu. "Mwezi Aprili alipanga upya rafu za sabuni, na upakiaji wa oda za asubuhi ukawa mwepesi" inamwambia arudie nini.

Muda wa kuandika una uzito wake. Baada ya wiki mbili kila mtu anakumbuka kikao kilichomfaa. Njia bora niijuayo ni meneja kuandika rasimu siku ileile, hata kwa mkono, kumpa mfanyakazi aondoke nayo, asome kwa utulivu, kisha wakutane kesho yake kwa dakika chache. Asiyekubaliana na sentensi apendekeze yake. Wakirekebisha kwa kalamu, neno la zamani likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, na wote waweke saini fupi pembeni. Nafasi zilizobaki wazi chini ya maandishi zichorwe mstari, asije mtu akaongeza jambo. Likikumbukwa jambo baadaye, liandikwe kama nyongeza yenye tarehe yake na saini zote mbili.

Juu ya saini paandikwe wazi saini hiyo inamaanisha nini. Mimi ningeandika hivi: "Tunathibitisha kwamba muhtasari huu unaeleza kwa haki mazungumzo yetu ya tarehe hii. Saini haimaanishi kwamba kila mmoja anakubaliana na maoni ya mwenzake." Sentensi hizo mbili zinapunguza mvutano mwingi, kwa sababu hofu kubwa ya mfanyakazi ni kwamba saini yake itageuzwa kuwa ungamo. Chini yake paachwe nafasi ya maoni ya mfanyakazi, atakayoandika mwenyewe kwa mkono wake. Halafu nakala mbili: moja faili la kampuni, moja ya mfanyakazi, mkononi, siku hiyohiyo.

Akikataa kusaini pamoja na yote hayo? Asilazimishwe, wala asisainiwe na mwingine. Meneja aandike kwamba mfanyakazi amesoma, amepewa nakala na hakusaini, pamoja na sababu aliyoitoa kwa maneno yake, kisha shahidi aliyekuwepo aweke saini yake kuthibitisha hilo tu. Mara nyingi ukimuuliza ni sentensi ipi inayomzuia, unakuta ni moja, na inarekebishika.

Karatasi hii inaweza siku moja kusomwa na mtu wa tatu. Kwa sheria ya Tanzania, mwajiri anayemwachisha mtu kazi kwa utendaji duni ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinauliza kama mfanyakazi alikijua kiwango alichotakiwa kufikia, kama kiwango chenyewe kilikuwa cha haki, na kama alipewa nafasi ya kujirekebisha. Zinamtaka mwajiri pia achunguze sababu ya utendaji huo na kutoa mwongozo au mafunzo. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, muhtasari unaosema "alikiri uzembe" haujibu hata swali moja kati ya hayo. Ule wa pili una kiwango, una sababu iliyotolewa, una hatua na tarehe. Unamlinda meneja kama alitimiza ahadi yake, na unamlinda mtunza stoo kama kompyuta haikuhama.

Kuna mpaka ambao usivukwe. Kama katikati ya kikao meneja anaanza kushuku kwamba katoni zile ziliibwa, hayo si mambo ya tathmini tena. Tuhuma ya wizi ina njia yake: uchunguzi, mashtaka kwa maandishi, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na kikao cha nidhamu ambamo mfanyakazi anaweza kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kupenyeza tuhuma ndani ya muhtasari wa tathmini na kuomba saini chini yake ni kumnyima mtu haki ya kujibu. Meneja asimamishe mazungumzo juu ya jambo hilo, aandike kwamba suala la Machi limeondolewa kwenye tathmini hii, na aendelee na malori.

Oktoba watakapokutana, jambo la kwanza mezani liwe karatasi ya Julai. Waanze na mstari wa kompyuta.