Filamu Uwanjani Maganzo: Saa, Kiingilio na Watoto

Wakazi wa Kata ya Maganzo wataoneshwa filamu ya «Vuta N'kuvute» katika uwanja wa wazi Jumamosi hii, kuanzia saa 1:45 usiku. Saa hiyo imefuata jua: Maganzo huzama karibu na saa 1:00 jioni, takriban dakika 20 baada ya Dar es Salaam, na mwanga unaobaki angani hufifisha picha kwenye kitambaa hata projekta ikiwa nzuri. Kiingilio ni Sh 1,000, hulipwa mlangoni. Filamu huchukua takriban saa moja na nusu.

Watoto wadogo wabaki nyumbani. Filamu hii ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, inamhusu Yasmin, msichana wa Zanzibar ya miaka ya 1950 aliyeozeshwa mume mzee akatoroka, na Denge, mpinga ukoloni anayeandamwa na polisi. Mapenzi na ukatili wa dola vimo waziwazi. Vijana wa sekondari wanaweza kuitazama wakiwa na wazazi, ambao pengine wataulizwa maswali juu ya ndoa njiani wakirudi.