Sarafu zilizokwama kwenye mikataba mahiri: nani hasa anaweza kuzirudisha?

Kwa wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na Nairobi wanaolipana kwa USDT, hofu kubwa imekuwa utapeli na kupanda na kushuka kwa bei. Ipo hasara nyingine isiyozungumzwa sana, nayo haihitaji tapeli: kutuma sarafu kwenye anwani ya mkataba mahiri usiojua la kuzifanyia. Muamala unapita, ada inakatwa, skrini inaandika kwamba umefanikiwa, na fedha hazitoki tena.

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya simu jijini Dar es Salaam, aliyeomba jina lake lisiandikwe, anadai USDT 2,300 kwa mteja wake wa Nairobi. Mteja alimwomba anwani ya kupokelea. Kijana wake wa dukani akafungua pochi kwenye simu, akagusa USDT, akaingia kwenye ukurasa wa maelezo ya sarafu badala ya kitufe cha kupokea, kisha akanakili anwani aliyoikuta hapo. Ilianza na TR7N. Hiyo si anwani ya duka lolote. Ni ya mkataba wenyewe wa USDT kwenye mtandao wa Tron, na kwa kuwa anwani zote za Tron huanza na T, hakuna aliyeshtuka.

“Mteja ananionyesha risiti, ameshalipa,” anasema. “Mimi nikifungua pochi yangu sioni kitu. Yeye anasema anwani nilimpa mimi mwenyewe, na kweli nilimpa. Sasa nimdai nani? Mzigo ameshauchukua, na mimi huko China nadaiwa.”

Lalamiko lake linabeba kiini cha tatizo. Katika biashara ya kawaida, fedha zikienda kusikohusika benki inaweza kuzirudisha zilikotoka. Hapa hakuna wa kuzirudisha, na mzigo wa hasara humwangukia aliyetoa anwani, ingawa kitufe cha kutuma kilibonyezwa na mwingine. Duka la pembeni lingeweza kufunga kwa hasara ya kiasi hicho.

Sababu ni ya kiufundi, lakini si ngumu kuielewa. Sarafu kama USDT hazisafiri kutoka pochi hadi pochi. Mkataba wake una daftari la salio, na kutuma ni kubadilisha mistari miwili ya daftari hilo, takriban hivi:

```
balances[msg.sender] -= amount;
balances[to] += amount;
```

Anayepokea haulizwi lolote. Kama `to` ni mkataba mwingine, mkataba huo hata haujulishwi kwamba umepata kitu. Ili sarafu zitoke, ni lazima mkataba huo wenyewe uagize uhamisho, na utaagiza tu kama aliyeuandika aliweka amri hiyo tangu mwanzo. Ether ya kawaida iko tofauti kidogo: mkataba usioandaliwa kuipokea kwa kawaida huikataa, muamala unashindwa, na mtumaji hupoteza ada tu. Ndiyo maana wengi wanaozoea kutumia Ether hudhani sarafu zote zina kinga hiyo.

Mfano unaoumiza zaidi ni wa Januari 2022, kwenye mkataba wa WETH, ambao hubadilisha Ether kuwa sarafu inayotumika kwenye masoko ya Ethereum. Ukiutumia mkataba huo Ether, unakupa WETH papo hapo. Mtumiaji mmoja akaona ni haki kufikiri kwamba akirudisha WETH kwenye anwani ileile atapewa Ether yake. Alituma WETH 195, zenye thamani ya zaidi ya dola 500,000 wakati huo. Njia sahihi ilikuwa kuita amri ya `withdraw`, ambayo humlipa tu yule mwenye salio. Baada ya kutuma, mwenye salio akawa mkataba wenyewe, na mkataba haujiitii amri. Hauna mmiliki wala ufunguo wa dharura, na msimbo wake hauwezi kubadilishwa. Hapo uwezekano wa kurejesha ni sifuri, na anayesema vinginevyo anadanganya.

Kwa USDT hali si hiyo hiyo. Kampuni inayoitoa ina uwezo, ulioandikwa kwenye mkataba, wa kuifungia anwani, kufuta salio lake na kutoa sarafu mpya. Mwaka 2020 ilimrudishia mfanyabiashara mmoja aliyetuma USDT milioni 1 kwenye mkataba usiohusika. Ofisa mmoja wa huduma kwa wateja katika kampuni ya pochi anaitaja kesi hiyo kama ushahidi kwamba “mara nyingi suluhisho linapatikana”. Ni vigumu kumkubalia. Kesi ile ilihusu milioni. Uwezo wa kurejesha si wajibu wa kurejesha, na mwenye 2,300 anasimama kwenye foleni ileile akiwa na sauti ndogo zaidi. Mfanyabiashara wetu alipata jibu moja la kupokelewa kwa ombi lake, kisha kimya.

Aliyekwama anaweza kujipima mwenyewe kabla ya kumlipa mtu yeyote. Abandike anwani iliyopokea kwenye tovuti ya kuchunguza miamala ya mtandao husika. Ikionyesha kwamba ni mkataba na msimbo wake uko wazi, atafute ndani yake amri kama `rescueERC20` au `recoverERC20`, kisha asome jibu la `owner()`. Mmiliki akiwepo na amri ikiwepo, kuna mtu wa kuandikiwa, na risiti ya muamala pamoja na ujumbe uliosainiwa na pochi iliyotuma vina uzito. Amri isipokuwepo lakini mkataba ukawa wa aina inayoweza kusasishwa, matumaini yapo ila ni finyu, kwa sababu waendeshaji watalazimika kubadilisha msimbo unaoshika fedha za wengine kwa ajili ya mtu mmoja. `owner()` ikirudisha sifuri tupu, umiliki umeachwa. Na kama anwani ni ya soko la kubadilishia fedha, hali ni nafuu, kwa sababu mara nyingi soko ndilo lenye funguo.

Wanaojitangaza mitandaoni kuwa “wataalamu wa kurejesha” hawana njia nyingine zaidi ya hizo. Anayeomba malipo ya awali, au yale maneno 12 ya siri ya pochi, anakuja kuchukua kilichobaki.

Serikali nazo zimeanza kujihusisha. Tanzania inatoza kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa uhamisho wa mali za kidijitali tangu 2024, na Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma mwaka 2025. Ofisa mmoja anayefuatilia sekta hiyo anasema mteja sasa “ana pa kukimbilia”. Kwa aliyeonewa na soko lenye leseni, labda. Lakini mkataba wa WETH hauna leseni, hauna ofisi, na hauna wa kuitwa shaurini.

Marekebisho yanakuja polepole. USDC ilisasisha mkataba wake ili ujikatae wenyewe kama mpokeaji, na kosa kama la kijana wa dukani sasa linashindikana kwa sarafu hiyo. Pendekezo la ERC-223 la mwaka 2017, ambalo lingeulazimu mkataba unaopokea kuitikia kwanza, halikuenea. Baadhi ya pochi huonya kabla ya kutuma, nyingine hazionyi. Hata ushauri wa kutuma kiasi kidogo cha majaribio una kasoro, maana dola 1 ikienda kwenye mkataba nayo itaonyesha imefanikiwa. Jaribio lina maana pale tu mpokeaji anapofungua pochi yake na kusema ameiona, na hapo ndipo kiasi kikubwa kifuate.